Shilingi 270,000 za Chini: Kwa Nini Hata Bosi Anazo

Miaka kadhaa nimeshika daftari la mishahara, na swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote lilikuja kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Aliyeniuliza kwa namna ninayoikumbuka zaidi alikuwa dereva, mtu mzima, mtaratibu, aliyekuwa na desturi ya kukunja slipu yake ya mshahara mara nne na kuiweka ndani ya kitambulisho. Kampuni ilikuwa imeamua kumwongeza shilingi 20,000 kwa mwezi. Badala ya kushukuru, alikuja kuomba asiongezwe.

“Mwanangu,” aliniambia, “mimi niache hapo hapo. Nikivuka laki mbili na sabini naingia kwenye kodi, na nikiingia nitapata pungufu ya ninachopata sasa.”

Sikumcheka, kwa sababu hesabu alikuwa ameshaipiga nyuma ya risiti ya mafuta, na alikuwa ameipiga vizuri. Mshahara wake ulikuwa 290,000. Ukiondoa asilimia 10 ya mchango wake wa NSSF, yaani 29,000, zinabaki 261,000. Kiasi hicho ndicho kinachoangaliwa kwenye kodi, kwa kuwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza. Kwa kuwa 261,000 iko chini ya 270,000, kodi yake ilikuwa sifuri. Baada ya nyongeza mshahara ungekuwa 310,000, NSSF ingechukua 31,000, na zingebaki 279,000. Hapo akatoza asilimia 8 kwenye 279,000 zote, akapata kodi ya 22,320. Mkononi zingebaki 256,680. Kweli kabisa, alikuwa anapandishwa mshahara ili apoteze shilingi 4,320.

Kujumlisha na kutoa kwake hakukuwa na kasoro. Kosa lilikuwa moja tu, nalo liko vichwani mwa watu wengi: aliamini kuwa kiwango kisichotozwa kodi ni mlango. Ukiwa nje hudaiwa kitu, ukishaingia unadaiwa kwa kila ulichobeba. Sheria ya Kodi ya Mapato haikutengenezwa hivyo. Kiwango hicho ni sehemu ya chini ya kipato cha kila mtu, na sehemu hiyo inatozwa asilimia sifuri. Ukipanda juu yake unaiacha pale pale chini yako, haijaguswa.

Ngazi tano, na ya kwanza ni sifuri

Jedwali la kodi ya mshahara Tanzania Bara, ile inayoandikwa PAYE kwenye slipu, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kwa mfanyakazi mkaazi, lina ngazi tano kwa mwezi:

Kuanzia 0 hadi 270,000: asilimia 0.
Kuanzia 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
Kuanzia 520,000 hadi 760,000: 20,000, na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
Kuanzia 760,000 hadi 1,000,000: 68,000, na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
Juu ya 1,000,000: 128,000, na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000.

Neno linalobeba mzigo wote hapo ni “kinachozidi”. Mzee wangu alikuwa ameliruka. Asilimia 8 haiulizi umepata kiasi gani kwa jumla; inauliza umeizidi 270,000 kwa kiasi gani. Kwa 279,000 ziada ni 9,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 720. Mkononi zingebaki 278,280. Kwa hiyo katika nyongeza ile ya 20,000, NSSF ingechukua 2,000, kodi 720, naye angeondoka na 17,280 zaidi ya mwezi uliotangulia.

Nilimpa mfano wa madebe, kwa kuwa aliwahi kulima mahindi. Umevuna, umepanga madebe matano mstari mmoja, unamimina mahindi yako la kwanza likijaa ndipo uhamie la pili. Mwenye kudai sehemu yake anapita akichota: debe la kwanza halichoti, la pili anachota punje 8 katika kila 100, la tatu punje 20, na kuendelea. Ukivuna zaidi, mahindi yanaingia kwenye debe la mbele, lakini hakuna anayerudi nyuma kulichota lile la kwanza kwa sababu la pili limeanza kupata kitu.

Kutokana na hapo yanafuata mambo mawili. Kwanza, hakuna nyongeza ya mshahara inayoweza kukupunguzia kitu mkononi kwa sababu ya jedwali hili. Shilingi moja ya nyongeza ikikatwa sana inakatwa senti 30, na zinazobaki ni zako. Pili, na hili huwashangaza wengi zaidi, anayepata milioni mbili naye ana debe la kwanza. Shilingi zake 270,000 za chini hazitozwi kitu, sawasawa na za dereva. Kiwango kisichotozwa kodi hakikuandikwa kwa ajili ya maskini peke yao. Tofauti ni kwamba kwa mwenye kipato kidogo debe hilo ndilo lote alilonalo.

Zile 20,000, 68,000 na 128,000 zimetoka wapi?

Wasomaji wa jedwali mara nyingi huona zile namba zilizotangulia asilimia wakadhani ni faini ya kuvuka mstari. Ukivuka 520,000, wanasema, unapigwa 20,000 papo hapo. Si hivyo, na zenyewe ndizo zinazothibitisha kuwa ngazi ya sifuri inabaki.

Chukua mtu aliyefika 520,000 kamili. Ngazi ya kwanza, 270,000, kodi ni sifuri. Ngazi ya pili ina upana wa 250,000, na asilimia 8 yake ni 20,000. Basi zile 20,000 ni jumla ya kodi ya ngazi zilizokwisha kujaa, zimeandikwa tayari ili mhasibu asirudie hesabu. Ngazi ya tatu ina upana wa 240,000. Asilimia 20 yake ni 48,000. Ukijumlisha na 20,000 unapata 68,000. Ya nne nayo ni 240,000 kwa asilimia 25, yaani 60,000, na 68,000 ongeza 60,000 ni 128,000.

Kama sheria ingekuwa inaifuta ngazi ya sifuri unapopanda, 20,000 isingetosha. Asilimia 8 ya 520,000 nzima ni 41,600. Tofauti kati ya 41,600 na 20,000 ni 21,600, ambayo ni asilimia 8 ya 270,000. Na kwa kuwa 20,000 imo ndani ya 68,000, na 68,000 imo ndani ya 128,000, ile nafuu ya chini inabebwa hadi juu kabisa.

Kenya wanafika huko kwa njia nyingine

Mtu akiisoma slipu ya Nairobi anaweza kudhani wenzetu hawana ngazi ya sifuri kabisa. Jedwali lao linaanza kutoza shilingi ya kwanza: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za mwanzo kwa mwezi, asilimia 25 kwa zinazofuata hadi 32,333, kisha asilimia 30, na viwango vya juu zaidi kwa wenye mishahara mikubwa sana. Lakini kodi ikishajumlishwa, kila mkaazi anapunguziwa shilingi 2,400 zinazoitwa nafuu ya kibinafsi.

Hizo 2,400 hazikuokotwa. Ni asilimia 10 ya 24,000. Yaani serikali inatoza ngazi ya kwanza kwa mkono wa kulia, kisha inarudisha kiasi hicho hicho kwa mkono wa kushoto.

Tuchukue mfanyakazi ambaye kipato chake cha kutozwa kodi ni shilingi 40,000 za Kenya. Ngazi ya kwanza inatoa 2,400. Ya pili, yenye upana wa 8,333 kwa asilimia 25, inatoa 2,083.25. Zinazobaki 7,667 kwa asilimia 30 zinatoa 2,300.10. Jumla ni 6,783.35, ondoa nafuu ya 2,400, analipa 4,383.35. Sasa ifute nafuu, na badala yake uandike kuwa 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia sifuri: 2,083.25 ongeza 2,300.10 ni 4,383.35. Hakuna hata senti iliyosogea.

Na anayepata 20,000? Kodi yake kwa jedwali ni 2,000, nafuu ni 2,400. Zile 400 zilizobaki hapewi mkononi. Kodi inaishia sifuri na haishuki chini yake. Hapo napo matokeo ni yale yale ya ngazi ya sifuri, kwa sababu aliye ndani ya ngazi hiyo hadaiwi, lakini pia halipwi.

Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, wana njia ya tatu. Wao hutoa kwanza pauni 12,570 za mwaka kwenye kipato, kisha kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye ngazi: pauni 37,700 zinazofuata kwa asilimia 20, halafu 40. Kwa kuwa ngazi zinaanza kuhesabiwa baada ya kuondoa 12,570, ni sawa na kuiweka ngazi ya sifuri yenye upana wa 12,570 chini ya zote. Kutoa kwanza, kurudisha mwishoni, au kuandika sifuri waziwazi kama sisi: ni maandishi matatu ya jambo lile lile.

Kiwango kikipandishwa, nani anafaidika?

Hapa ndipo kujua kwamba tunaongelea ngazi kunakomfaa mwananchi anayesikiliza bajeti redioni. Julai 2020 Tanzania ilipandisha kiwango kisichotozwa kodi kutoka 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi. Ngazi iliyofuata wakati huo ilikuwa asilimia 9. Ilitangazwa kama nafuu kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, na ilikuwa nafuu kweli. Lakini tufuate fedha.

Aliyekuwa na kipato cha kodi cha 150,000 hakupata kitu. Alikuwa ndani ya ngazi ya sifuri kabla, akabaki humo baada. Aliyekuwa na 200,000 alikuwa akilipa asilimia 9 ya 30,000, yaani 2,700, akaacha kuzilipa. Aliyekuwa na 270,000 aliokoa 9,000 kamili. Na kwa kuwa ngazi ni ya kila mtu, kila aliye juu ya 270,000 naye aliokoa zile zile 9,000 kutokana na badiliko hilo pekee, awe karani au mkurugenzi.

Sasa angalia anayepata 2,000,000. Kwa jedwali la zamani alilipa 482,100. Kwa jedwali la Julai 2020 alilipa 430,500. Ameokoa 51,600. Zimetokaje, kama ngazi ya sifuri imempa 9,000 tu? Ni kwa sababu siku ile haikusogezwa ngazi ya kwanza peke yake. Kilele cha ngazi ya asilimia 9 kilitoka 360,000 hadi 520,000, cha asilimia 20 kikatoka 540,000 hadi 760,000, na asilimia 30 iliyokuwa ikianzia 720,000 ikasogezwa hadi 1,000,000. Shilingi 42,600 kati ya zile 51,600 zimetoka katika kusogezwa kwa ngazi za juu, ambazo mwenye 200,000 hazimfikii.

Silaumu kusogezwa huko. Bei za vitu hupanda, na ngazi zisipoguswa miaka mingi watu hujikuta wanatozwa kwa mishahara ambayo nguvu yake imekwisha. Ninachosema ni kwamba waziri akitaja kiwango cha chini tu, usikimbilie kupiga makofi wala kunung’unika. Uliza na mistari ya juu imekwenda wapi. Ikibaki pale pale, kila aliyevuka kiwango kipya anapata kiasi kimoja. Ikisogea pamoja, mwenye kipato kikubwa anapata zaidi.

Mahali ambapo mlango upo kweli

Nilipomaliza kumweleza, mzee hakukubali mara moja. Alisema mkewe ana genge, na huko mambo ni kama alivyosema yeye. Na alikuwa na haki.

Mfanyabiashara mdogo anatozwa kwa mauzo ya mwaka, si kwa mshahara, na ana jedwali lake. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi 4,000,000 halipi kitu. Akizidi hapo hadi 7,000,000 bila kuwa na kumbukumbu za mauzo, analipa 100,000 kwa mkupuo. Huo ni mlango hasa: mauzo ya 3,950,000 kodi ni sifuri, mauzo ya 4,050,000 kodi ni 100,000. Mauzo yamepanda kwa 100,000 na kodi imepanda kwa 100,000, kabla hata ya kutoa bei ya bidhaa. Lakini aliyetunza kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000. Kwa mauzo yale yale ya 4,050,000 analipa 1,500. Daftari la mauzo ndilo linaloubomoa mlango na kuweka ngazi mahali pake. Nadhani hofu ya wengi kuhusu mshahara imezaliwa sokoni, ikahamia ofisini bila kubadilishwa.

Uingereza nako ngazi ya sifuri inaweza kuondolewa. Kipato kikizidi pauni 100,000, kila pauni mbili za ziada zinapunguza pauni moja ya ile 12,570, mpaka inapoisha kabisa kwenye 125,140. Anayepata pauni 100 za ziada katika eneo hilo analipa 40 za kawaida, na pauni 50 zilizokuwa chini ya ngazi ya sifuri sasa zinatozwa asilimia 40, yaani 20 nyingine. Jumla 60. Lakini hata huko anabakiwa na 40 katika kila 100. Jedwali letu la mshahara halina uondoaji huo.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kazi ya pili. Ngazi ya sifuri ni ya mtu. Haizaliani kwa kila mwajiri. Mwalimu anayelipwa 400,000 kwa mwajiri wa kwanza na 200,000 kwa wa pili hutegemea kuwa ile 200,000 iko chini ya 270,000, hivyo haitakatwa. Akikuta imekatwa asilimia 30, yaani 60,000, anadhani ameibiwa. Mwajiri wa pili hatumii ngazi, kwa sababu debe la kwanza lilishamiminwa kwa mwajiri wa kwanza.

Soma slipu yako

Makosa ya kweli yapo, na anayeielewa ngazi huyaona kwa dakika moja. Chukua mshahara wako unaotozwa kodi, toa mchango wako wa hifadhi ya jamii, kisha toa 270,000. Kama kilichobaki hakizidi 250,000, kodi yako ni asilimia 8 ya kilichobaki. Kwa 300,000 baada ya NSSF, PAYE inapaswa kusomeka 2,400. Ukikuta 24,000, aliyeandaa mishahara ametoza asilimia 8 kwenye fedha zote na amekunyima ngazi ya sifuri; tofauti ya 21,600 ndiyo alama ya kosa hilo. Ukikuta karibu 5,060 na mshahara wako ni kama 333,300, basi huenda amesahau kuondoa NSSF kabla ya kupiga kodi: asilimia 8 ya zile 33,300 za mchango ni karibu 2,660, na imeongezewa juu ya zile 2,400. Nenda kwa mhasibu ukiwa na namba hiyo mkononi, hutahitaji kugombana.

Mzee aliikubali nyongeza. Mwisho wa mwezi alikuja na slipu yake, akaweka kidole kwenye mstari wa PAYE ulioandikwa 720, kisha akakishusha hadi kwenye 278,280.

“Na zile laki mbili na sabini?”

“Hazijaguswa, mzee.”

Akaikunja slipu mara nne. Kisha akaniuliza ratiba ya zamu za Jumapili iko wapi, zile za malipo ya ziada ambazo kwa muda mrefu alikuwa akiwaachia wenzake, akiogopa mstari ambao kumbe chini yake fedha zake zilikuwa salama muda wote.